"Mara Mbili kwa Siku" na "Kila Baada ya Saa 12": Kufundisha Ratiba ya Dawa Katika Hesabu za Saa

1. Utangulizi

Mada ya saa katika Hesabu za shule ya msingi aghalabu hufundishwa kwa mifano ya magari yanayoondoka mji mmoja na kufika mji mwingine. Mifano hiyo si mibaya, lakini iko hesabu nyingine ya saa ambayo mtoto huikuta nyumbani kwao, tena huikuta wakati ambapo kukosea kuna madhara. Hesabu hiyo imeandikwa juu ya bahasha ya dawa.

Makala hii imeandaliwa kwa ajili ya wanachuo wanaokwenda kufundisha katika shule kama zile za kata ya Soitsambu, wilayani Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya. Huko mama hurudi kutoka zahanati akiwa na mtoto mgonjwa na bahasha ya vidonge. Mara nyingi anayeisoma bahasha ni mwanafunzi wa Darasa la Nne au la Tano, kwa kuwa ndiye ajuaye kusoma. Huisoma kwa Kiswahili, kisha humweleza mama kwa Kimaasai. Kwa hiyo mwanafunzi huyu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kazi ya kukokotoa na kazi ya kutafsiri, naye anaweza kukosea katika yoyote kati ya hizo. Mwalimu hapaswi kumfundisha kazi ya tabibu. Anachopaswa kumfundisha ni kuyasoma maagizo ya tabibu kama yalivyo, kuyageuza kuwa saa, na kutambua pale ambapo maagizo hayajatosha ili mzazi arudi kuuliza.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane juu ya neno moja. Watu wengi hutumia neno "dozi" kwa maana ya dawa yote ya tiba, kama wasemapo "maliza dozi". Wengine hulitumia kwa maana ya kiasi kinachomezwa mara moja. Ili kuepuka utata, katika makala hii kiasi kinachomezwa mara moja tutakiita mkupuo, na neno dozi tutaliacha libaki na maana ya dawa yote hadi mwisho.

2. Maandishi ya bahasha yanasema nini

Katika zahanati zetu ni desturi kuandika maagizo kwa tarakimu. "1 × 2" maana yake ni kidonge 1, mara 2 kwa siku. Tarakimu ya kwanza huonyesha idadi ya vidonge katika mkupuo mmoja, na ya pili huonyesha idadi ya mikupuo kwa siku. Hapa mwalimu wa Hesabu hana budi kuwa mwangalifu. Tumewafundisha watoto kwamba 1 × 2 na 2 × 1 ni sawa, kwa kuwa jawabu ni 2. Kwa idadi ya vidonge vya siku nzima, jambo hilo ni kweli. Lakini kwa mgonjwa si kweli hata kidogo, kwani "2 × 1" ni vidonge 2 kwa mkupuo mmoja tu kwa siku. Mwanafunzi aelezwe wazi kwamba alama hii juu ya bahasha ni mwandiko wa kufupisha maneno, na mpangilio wa tarakimu zake haugeuzwi.

Utata wa pili umo katika maneno. Mara nyingi "1 × 2" husomwa "kimoja, kutwa mara mbili". Neno kutwa kwa asili lahusu mchana, tangu kupambazuka hadi jua kutua, ingawa katika lugha ya zahanati limekusudiwa siku nzima yenye usiku na mchana. Katika darasa moja la kata ya Soitsambu mwanachuo aliwauliza wanafunzi, "Kutwa ni lini hadi lini?" Mwanafunzi mmoja akajibu, "Ni tangu ng'ombe watoke bomani hadi warudi." Jawabu hilo ni sahihi kabisa kwa Kiswahili. Lakini mtoto huyo akimtafsiria mama yake hivyo, mama atampa mgonjwa mkupuo wa kwanza asubuhi na wa pili mchana, ili yote miwili iingie ndani ya kutwa. Hajakosa utii. Amefuata neno kama alivyoambiwa.

3. Kuhesabu na kupima

Tofauti iliyo kiini cha somo hili ni ndogo kuieleza, lakini huwapita watu wazima wengi. Maneno "mara mbili kwa siku" ni ya kuhesabu, nayo hutaja mikupuo ni mingapi. Maneno "kila baada ya saa 12" ni ya kupima, nayo hutaja umbali wa wakati kutoka mkupuo mmoja hadi unaofuata.

Jambo hili huonekana vizuri tukiichora siku kama duara lenye saa 24. Mikupuo miwili huigawa duara hiyo katika vipande viwili, cha mchana na cha usiku. Vipande hivyo vikijumlishwa lazima vifanye saa 24. Anayetoa dawa saa 1 asubuhi na saa 7 mchana amepata vipande vya saa 6 na saa 18. Anayetoa saa 1 asubuhi na saa 1 usiku amepata vipande vya saa 12 na saa 12. Wote wawili wametoa dawa mara mbili kwa siku, lakini ni wa pili peke yake aliyetoa kila baada ya saa 12. Kwa hiyo kila agizo la saa 12 ni mara mbili kwa siku, bali si kila mara mbili kwa siku ni saa 12.

Hesabu hii Kiswahili huirahisisha kwa namna ambayo hatuitumii vya kutosha. Saa zetu huanza kuhesabiwa upya asubuhi na jioni, basi ukiongeza saa 12 tarakimu haibadiliki. Saa 1 asubuhi huwa saa 1 usiku, na saa 3 asubuhi huwa saa 3 usiku. Mwanafunzi hahitaji kujumlisha chochote. Hubadilisha jina la kipindi tu. Simu ya mkononi haimpi wepesi huo, maana huandika 07:00 na 19:00. Tena muuguzi akiandika "6:00" juu ya bahasha kwa kufuata saa ya simu, mzazi huweza kuisoma "saa 6", akangoja hadi jua la utosi. Wanafunzi wafundishwe kwamba 6:00 ya simu ni saa 12 asubuhi, na kwamba tarakimu iliyoandikwa bila neno asubuhi, mchana au usiku haijakamilika.

Katika boma lisilo na saa, jua nalo hutosha. Soitsambu iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo urefu wa mchana hubaki saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Mama atoaye dawa jua linapochomoza na linapotua hakosei ila kwa dakika. Kanuni hii isichukuliwe kuwa ya dunia nzima. Mjini Londoni mchana wa mwezi Juni huzidi saa 16, na wa Desemba hupungua saa 8. Kwetu hata ukamaji wa maziwa, unaofanyika kabla ng'ombe hawajatoka na baada ya kurejea, huweza kuwa ukumbusho mzuri. Lakini nyakati za ukame mifugo huenda mbali na kuchelewa kurudi, basi dawa ifuate jua, isingoje ng'ombe.

4. Kwa nini nafasi baina ya mikupuo ni muhimu

Mwanafunzi atauliza kwa nini mikupuo miwili isitolewe asubuhi na mchana ikiwa idadi ni ileile. Mwalimu awe na jawabu. Tuchukue amoksilini, ambayo hutumika kutibu nimonia kwa watoto. Mwili huiondoa dawa hii upesi, na kwa mtu ambaye figo zake ni nzima nusu ya dawa iliyomo damuni hutoka kwa muda wa saa moja hivi. Baada ya saa ya pili hubaki robo, na baada ya saa ya tatu hubaki thumuni. Mkupuo hupangwa kuwa mkubwa kiasi cha kufanya kazi ya kutosha dhidi ya vijidudu kabla haujaisha, na mkupuo unaofuata huja kuwadhoofisha waliobaki. Nafasi ikivutwa hadi saa 18, muda ambao vijidudu hukaa bila kuguswa na dawa hurefuka, nao hupata nafasi ya kuongezeka tena. Mkupuo wa pili uliotolewa mchana haulipi pengo hilo, kwa kuwa nao umekwisha kutoka mwilini usiku.

Hata hivyo amoksilini haidai dakika kamili. Mkupuo uliochelewa kwa nusu saa au saa moja hauharibu tiba. Kinachoharibu ni pengo kubwa linalorudiwa kila siku, na mikupuo inayorukwa.

5. Mfano uliokokotolewa

Tuseme Naserian, mtoto wa mwaka 1 na miezi 4, mwenye uzito wa kilo 11, amepelekwa zahanati siku ya Jumatatu akiwa na kikohozi na kupumua haraka. Tabibu ameona ni nimonia inayoweza kutibiwa nyumbani. Katika mapendekezo yake ya mwaka 2014, Shirika la Afya Duniani lilitaja amoksilini ya kumeza mara mbili kwa siku, angalau miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito katika kila mkupuo. Kwa kilo 11 ni miligramu 440. Vidonge vya watoto vinavyoyeyushwa katika maji vina miligramu 250 kila kimoja, hivyo vidonge 2 hufanya miligramu 500. Bahasha imeandikwa: "2 × 2, siku 5".

Kwanza wanafunzi watafute jumla ya vidonge. Vidonge 2 kwa mara 2 ni 4 kwa siku, na kwa siku 5 ni 20. Wahesabu vilivyomo ndani ya bahasha. Vikipungua au vikizidi 20, mzazi aulize kabla hajaondoka zahanati.

Pili watafute mikupuo ni mingapi. Vidonge 20 kwa 2 ni mikupuo 10.

Tatu wapange saa, na hapa ndipo tofauti yetu inapoonekana. Mkupuo wa kwanza umetolewa palepale zahanati, saa 9 alasiri. Tukishika saa 12 kamili, mkupuo wa pili utakuwa saa 9 usiku, wa tatu Jumanne saa 9 alasiri, na kadhalika. Kati ya mikupuo 10 zimo nafasi 9, wala si 10, na 9 × 12 ni saa 108, yaani siku 4 na saa 12. Mkupuo wa mwisho utaangukia saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi. Hesabu ni sahihi, lakini ratiba ni ngumu. Kumwamsha mtoto saa 9 usiku kwa siku 5 ni jambo ambalo familia huanza nalo kwa bidii usiku wa kwanza, na kufikia usiku wa tatu ikaliacha.

Bahasha haikuandika saa 12. Imeandika mara mbili kwa siku, na agizo la namna hii huacha nafasi ya kuchagua saa zinazofaa. Swali moja tu ndilo linalobaki: tutatokaje saa 9 alasiri ya leo na kuingia katika saa 1 asubuhi na saa 1 usiku? Jawabu la swali hili ni la tabibu, si la mwalimu wala la mwanafunzi. Tuseme mama ameuliza, naye tabibu amejibu: "Leo mpe tena saa 3 usiku, na kuanzia kesho mpe saa 1 asubuhi na saa 1 usiku." Wanafunzi sasa wanaweza kuandika ratiba yote, pamoja na vidonge vinavyopaswa kubaki kila siku baada ya mkupuo wa usiku:

Jumatatu: saa 9 alasiri na saa 3 usiku. Vibaki 16.
Jumanne: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Vibaki 12.
Jumatano: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Vibaki 8.
Alhamisi: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Vibaki 4.
Ijumaa: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Havibaki.

Nafasi ya kwanza ni saa 6, ya pili ni saa 10, na nafasi 7 zilizobaki ni saa 12 kila moja. Nafasi mbili fupi za mwanzo ndizo zilizolipia kuhama kwa ratiba.

Safu ya vidonge vilivyobaki isidharauliwe. Ndiyo inayomwezesha mtu asiyejua kusoma kujua kama mambo yamekwenda sawa, kwa kuwa kuhesabu anajua. Jumanne usiku vikibaki 14, mkupuo mmoja umerukwa. Vikibaki 10, mmoja umezidi. Safu hii pia husahihisha kosa jingine la kawaida. Kama mtoto angaliambiwa aanze dawa Jumatatu usiku kwa mkupuo mmoja, familia inayohesabu majina ya siku ingaliacha Ijumaa usiku, ikisema siku 5 zimekwisha. Lakini ni mikupuo 9 tu ambayo ingekuwa imetolewa, na vidonge 2 vingebaki katika bahasha. Mkupuo wa kumi ni wa Jumamosi asubuhi. Siku 5 za dawa si lazima ziwe majina 5 ya siku.

6. Pale ambapo "mara mbili" haitaki saa 12, na pale inapozitaka

Mwanafunzi aliyeelewa mfano wa Naserian aweza kuruka na kudai kwamba basi kila "mara mbili" ni asubuhi na usiku. Mwalimu amzuie kwa mfano wa frusemidi, dawa wapewayo baadhi ya wagonjwa wa moyo ili kupunguza maji mwilini. Dawa hii humfanya mtu akojoe sana kwa saa kadhaa baada ya kuimeza. Inapoagizwa mara mbili kwa siku, desturi ni kuitoa asubuhi na mapema alasiri, kama saa 2 asubuhi na saa 8 mchana. Mzee atakayeimeza saa 2 usiku kwa kufuata kanuni ya saa 12 atatoka nje mara nyingi usiku kucha. Katika boma la Soitsambu maana yake ni kutoka katika baridi na giza, kwa miguu iliyovimba, mahali ambapo fisi hawako mbali. Hapa vipande vya saa 6 na saa 18 si kosa, ndivyo vilivyokusudiwa.

Dawa nyingine hazifuati saa wala jua, bali chakula. Metformini, itumiwayo na wagonjwa wa kisukari, ikiagizwa mara mbili kwa siku humezwa pamoja na mlo wa asubuhi na wa jioni ili isisumbue tumbo. Milo ikiwa saa 2 asubuhi na saa 1 usiku, nafasi ni saa 11 na saa 13, wala hakuna ubaya.

Kwa upande wa pili, kuna dawa ambazo saa 12 ni saa 12. Mfano ni vidonge vya mofini vilivyotengenezwa kuachia dawa taratibu, ambavyo hupewa wagonjwa wenye maumivu makali kama ya saratani. Kidonge kimepimwa kiasi cha kutosha kwa muda wa saa 12 hivi. Kinachofuata kikicheleweshwa, maumivu hurudi. Kikitangulizwa sana, dawa huzidi mwilini, na mgonjwa huweza kulala mno na hata kupumua kwa shida. Kwa dawa kama hii familia ichague tangu mwanzo saa inayoweza kuishika asubuhi na usiku, na isiihamishe bila kumwuliza tabibu.

Kutokana na mifano hii mwanafunzi ajifunze maswali mawili ya kuuliza dirishani mwa dawa: "Ni saa ngapi na saa ngapi?" na "Mkupuo wa pili wa leo ni saa ngapi?" Mwenye majibu ya maswali hayo hahitaji kukisia kilichokusudiwa na "1 × 2".

7. Andalio la somo

Somo hili lahitaji vipindi viwili vya dakika 40 kwa Darasa la Nne au la Tano. Zana ni za bure: mawe madogo 24, punje 2 za mahindi, na bahasha tupu. Mawe 12 yapakwe mkaa ili yawe ya usiku.

Katika kipindi cha kwanza wanafunzi wayapange mawe kwa duara uwanjani, meupe yakifuatana na meusi yakifuatana. Jiwe la kwanza jeupe liitwe saa 1 asubuhi, na la kwanza jeusi saa 1 usiku. Mwanafunzi mmoja aweke punje juu ya mawe mawili apendayo. Mwingine atembee kutoka punje moja hadi nyingine akihesabu hatua, kisha aendelee hadi arudi alipoanzia. Namba zote mbili ziandikwe ubaoni. Baada ya majaribio matano au sita, mwalimu awaulize ni nini kisichobadilika. Watagundua wenyewe kwamba jumla ni 24 daima. Ndipo awaambie waweke punje ili namba zote mbili ziwe sawa, na waseme majina ya saa walizozipata. Kwa njia hii watakutana na kanuni ya tarakimu isiyobadilika kabla ya kuambiwa.

Kosa litakaloonekana mara kwa mara ni kuhesabu jiwe la kuanzia. Mwanafunzi husimama saa 1 asubuhi, husema "moja" kabla hajapiga hatua, na anapofika "kumi na mbili" yuko saa 12 jioni. Amepata saa 11. Asikemewe. Aambiwe atembee upya akitamka namba baada ya kila hatua, maana saa ni nafasi ya kutoka jiwe hadi jiwe, si jiwe lenyewe.

Katika kipindi cha pili mwalimu agawe bahasha zenye maandishi kama "2 × 2, siku 5" na punje za kuwakilisha vidonge. Neno "kutwa" liandikwe ubaoni na kujadiliwa. Katika shule ambayo wengi huzungumza Kimaasai, mwalimu awaombe wanafunzi waseme kwa lugha ya nyumbani vile watakavyomwambia mama, kisha mwenzao mwingine alirudishe jambo hilo katika Kiswahili. Ikiwa kilichorudi ni "mchana mara mbili", darasa zima litaona mahali maana ilipopotea. Zoezi hili huchukua dakika kumi tu, nalo hufichua kosa ambalo mtihani wa kuandika haulifichui, kwani mtoto huyohuyo huweza kuandika 1 × 2 vizuri kabisa katika daftari.

Mwalimu asisahau mipaka ya somo. Mwanafunzi hafundishwi kubadili ratiba, kuongeza mkupuo au kulipia uliorukwa kwa kutoa miwili pamoja. Akigundua kosa, kazi yake ni kumweleza mzazi, na mzazi amwulize tabibu. Wala ratiba nzuri isiwe sababu ya kungoja. Mtoto ambaye anashindwa kunyonya au kunywa, au ambaye hali yake inazidi kuwa mbaya, arudishwe kwa tabibu mara moja, hata kama vidonge vyote vimetolewa kwa saa zake.

8. Maswali ya kupima

(a) Baba ametoa dawa saa 3 asubuhi na saa 11 jioni kila siku. Taja nafasi mbili kati ya mikupuo. Je, ametoa kila baada ya saa 12?

(b) Bahasha imeandikwa "1 × 2, siku 7". Mkupuo wa kwanza umetolewa Jumatano saa 1 usiku, na kila unaofuata hutolewa baada ya saa 12. Mkupuo wa mwisho ni wa siku gani na saa ngapi?

(c) Vidonge vilikuwa 20, kwa agizo la "2 × 2". Baada ya mikupuo iliyopaswa kuwa 6, vimebaki 10. Kumetokea nini?

(d) Muuguzi ameandika "6:00 na 18:00" kwa kufuata saa ya simu. Ziandike saa hizo kwa Kiswahili.

Majibu: (a) Saa 8 na saa 16; hapana, ingawa ametoa mara mbili kwa siku. (b) Mikupuo ni 14 na nafasi ni 13, yaani saa 156, ambazo ni siku 6 na saa 12; basi ni Jumatano inayofuata, saa 1 asubuhi. (c) Vilipaswa kubaki 8. Mkupuo mmoja wa vidonge 2 umerukwa. (d) Saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.